Jumamosi ya Kuchomoa Nyaya

Saa 3 kasoro dakika 10 asubuhi. Kengele ya pili imeshalia, kwaya imejipanga mlangoni, na kwenye meza ya mitambo vijana wawili wanaitazama kompyuta inayowadai namba ya uthibitisho. Namba imetumwa, ila imetumwa kwenye simu ya kijana wa tatu, yule aliyefungua akaunti ya YouTube ya usharika kwa barua pepe yake mwenyewe, na asubuhi hii yuko safarini kwenye basi, simu imezimika. Kamera ni nzima. Umeme upo, bando lipo. Ibada haitaonekana popote.

Makanisa mengi yanayorusha ibada mubashara yameshaionja Jumapili ya namna hiyo, na chanzo chake ni jinsi kazi ilivyoanza. Nchini Kenya, kwa mfano, serikali ilisimamisha mikusanyiko ya ibada Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa tena Julai mwaka huo, nyumba za ibada ziliruhusiwa kupokea watu wasiozidi 100, kwa saa moja tu. Aliyekuwa na simu nzuri au anayejua kompyuta kidogo alipewa kazi palepale. Alijifunza peke yake, akaunganisha nyaya kwa namna yake, na elimu yote ikabaki kichwani mwake. Korona ikapita, kijana akaoa, akahamishwa kikazi, na usharika ukabaki na vifaa ambavyo hakuna mwingine anayevielewa.

Dawa yake ni mpango wa mafunzo wa wiki sita unaoishia na zoezi moja la ajabu kidogo: Jumamosi ambayo kiongozi wa timu anapita akichomoa nyaya kwa makusudi. Lakini kabla ya kufika huko kuna viti vya kugawana na karatasi ya kuandika.

Chukua mfano wa usharika wa kawaida wa mjini. Ibada yake kuu inaanza saa 3 na kwisha saa 5. Una kamera moja kwenye stendi, miksa ya sauti, laptopu yenye programu ya OBS Studio ambayo hupatikana bure, kifaa kidogo cha kuingiza picha ya kamera kwenye laptopu kupitia waya wa HDMI, na intaneti ya faiba. Waliojitolea ni wanane. Kosa la kwanza la timu kama hii ni kutaka wote wanane wajue kila kitu. Ni afadhali wagawane viti vinne, kila kiti na watu wawili wanaopokezana, na kila mmoja akijue kiti chake hadi aweze kukifanyia kazi gizani.

Kiti cha kwanza ni cha kamera. Jambo analofundishwa mpiga picha mapema kabisa ni kuiondoa kamera kwenye mwanga wa kujipangia wenyewe. Mchungaji amevaa kanzu nyeupe na nyuma yake kuna ukuta mweupe. Kamera ikiachiwa ijipimie, itauona weupe ule, itapunguza mwanga, na uso wa mchungaji utageuka kivuli. Mpiga picha huupima mwanga kwa uso wa mtu, akakubali kanzu ing'ae kupita kiasi kidogo. Kisha huweka kasi ya shata kwenye 1/50. Sababu yake ni umeme wetu wa hetsi 50: baadhi ya taa za tyubu na za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata isiyolingana nazo huleta mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Asubuhi ya kwanza ya mafunzo hutosha kwa haya mawili. Mengine ya kamera, kama kuvuta picha karibu taratibu au kutulia picha pana wakati wa Meza ya Bwana, huja kwa mazoezi na kwa kuzungumza na mchungaji kuhusu nini kionekane na nini kisionekane. Maombezi ya mtu anayelia mbele ya madhabahu hayarushwi bila ruhusa yake.

Kiti cha pili ni cha sauti, na ndicho kinachostahili mtu mwenye subira kuliko wote. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu. Sauti ikikwaruza, anafunga simu. Ugumu wa kiti hiki ni kwamba sauti inayofaa ndani ya kanisa si ile inayofaa kwenye simu. Ngoma zinavuma zenyewe ukumbini, hazihitaji maiki. Kwa hiyo anayesikiliza mtandaoni hupata kwaya isiyo na ngoma. Mchungaji naye, kwa kuwa spika za ukumbini zimeinuliwa kwake, anatoka kwenye mtandao kwa kishindo. Ndiyo maana sauti ya mtandaoni haichukuliwi kwenye tundu kuu la kwenda spika. Huchukuliwa kwenye tundu la pembeni la miksa, lile lililoandikwa AUX, ambalo lina vitufe vyake vya kupanga kiasi cha kila maiki peke yake, na maiki moja ya ziada huelekezwa ukumbini ili ngoma na vinanda visikike.

Mwanafunzi wa sauti hupewa zoezi la Alhamisi, siku ya mazoezi ya kwaya. Anarekodi dakika mbili, anatoka nje hadi uwanjani, anasikiliza kwa hedifoni, anarudi kurekebisha, anarekodi tena. Kutoka nje si mapambo. Akisikilizia ndani, masikio yanachanganya hedifoni na ukumbi, na ataamini kuwa mambo ni mazuri. Kwenye OBS kipimo cha sauti kina rangi tatu: kijani, njano kuanzia -20 na nyekundu kuanzia -9. Mahubiri yanatakiwa yacheze kwenye njano, na nyekundu iguswe mara chache tu, kama mchungaji anapopaza sauti.

Kiti cha tatu ni cha kompyuta. Anayekikalia ndiye anayebonyeza kitufe cha kurusha, na ndiye anayelinda ile safu ndefu ya herufi ambayo kwenye skrini inaitwa Stream key. Mtu yeyote mwenye safu hiyo anaweza kurusha chochote anachotaka kwenye chaneli ya kanisa, kwa hiyo haibandikwi ukutani wala haitumwi kwenye kundi la WhatsApp. Akaunti yenyewe hufunguliwa kwa barua pepe ya usharika, na simu inayopokea namba za uthibitisho hukaa ofisini. Wanatimu huingizwa kupitia sehemu ya Permissions ndani ya YouTube Studio, kila mmoja kwa barua pepe yake, bila kupewa nywila. Kijana akisafiri, anasafiri na simu yake tu.

Mipangilio ya kiti hiki ni michache, na ikishapangwa haiguswi Jumapili:

```
Output (Scaled) Resolution: 1280x720
Common FPS Values: 25 PAL
Rate Control: CBR
Bitrate: 2500 Kbps
Keyframe Interval: 2 s
Audio Bitrate: 128
Recording Format: mkv
```

Namba hizo zina hesabu nyuma yake ambayo kila mwanatimu anapaswa kuifanya kwa mkono mara moja. Picha inachukua kilobiti 2,500 kwa sekunde na sauti 128, jumla 2,628. Gawanya kwa 8, zidisha kwa sekunde 7,200 za ibada ya saa mbili, na jibu ni kama gigabaiti 2.4. Kiasi hicho ndicho bando la dharura linatakiwa liwe nacho, pamoja na akiba kidogo. Intaneti nayo inatakiwa iweze kupandisha angalau maradufu ya hapo, yaani megabiti 5 hivi kwa sekunde, ili ikiyumba kazi isikatike. Na kasi hiyo hupimwa Jumapili saa 4, wakati ibada ikiendelea. Ukiipima Jumamosi jioni kanisa likiwa tupu, kipimo kinakudanganya, hasa kwa laini ya simu, maana siku ya ibada mamia ya simu mifukoni mwa waumini yanagombania mnara uleule.

Kiti cha nne hakina kifaa chochote zaidi ya simu na hedifoni. Ni cha mwangalizi. Huyu hukaa nje ya ukumbi, au hata nyumbani kwake, akaitazama ibada kwa bando lake mwenyewe, siyo kwa intaneti ya kanisa, ili aone kile ambacho mgonjwa kitandani au mwanakwaya aliyehamia mkoa mwingine anakiona. Timu nyingi hazina kiti hiki, na ndiyo maana hutokea kanisa likarusha mahubiri mazima bila sauti huku kompyuta ikionyesha kuwa mambo ni shwari. Mama mtu mzima asiyetaka kushika waya anakifaa sana kiti hiki. Anachotakiwa kukumbuka ni kwamba anachokiona kimechelewa, mara nyingi kwa sekunde 20 au 30, kwa hiyo ujumbe wake lazima uwe na saa: "Saa 3 na dakika 42, picha ipo, sauti hakuna." Asiandike tu "kuna shida."

Karatasi ya Jumapili ni moja, upande mmoja, kwa herufi kubwa, na inaandikwa na timu yenyewe. Orodha iliyoletwa kutoka kwingine haiwezi kujua kwamba soketi ya nyuma ya madhabahu imelegea. Katika usharika wa mfano wetu, watu wa zamu hufika saa 1 na nusu. Kinachoguswa kwanza ni umeme: kamera inachomekwa kwenye adapta badala ya kutegemea betri, na mpangilio wa kamera kujizima yenyewe unahakikishwa kuwa umefungwa. Saa 2 kamili sauti inajaribiwa maiki moja moja, mtu akisoma aya kutoka madhabahuni kwa sauti ya kawaida. Kuhesabu "moja, mbili" hakufai, maana hakuna mchungaji anayehubiri hivyo. Saa 2 na dakika 20 nafasi iliyobaki kwenye diski inatazamwa, kwa kuwa ibada inarekodiwa pia ndani ya laptopu. Saa 2 na dakika 40 wanaanza kurusha picha tulivu yenye jina la usharika, na mwangalizi anatuma jibu. Bila jibu la mwangalizi, hakuna anayeondoka kwenye kiti chake. Kwenye kusubiri huko hakuna nyimbo za kaseti wala za mtandaoni zinazopigwa, maana YouTube huzitambua rekodi za wengine na inaweza kuzuia video nzima.

Mafunzo yenyewe hufuata kalenda ya ibada. Wiki ya kwanza wageni hawagusi kitu; wanafuata kila waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho na kuufunga selotepu yenye jina katika ncha zote mbili. Ni kazi ya jioni moja, nayo hufundisha zaidi ya mihadhara mitatu. Wiki ya pili na ya tatu wanakaa ubavuni mwa mzoefu, na katikati ya wiki wanafanya majaribio ya kurusha kwa kuchagua Unlisted kwenye YouTube, ili aonaye awe ni mwenye kiungo tu. Wiki ya nne wanabadilishana: mwanafunzi anashika, mzoefu anakaa na mikono mapajani. Kwa wazoefu wengi hii ndiyo wiki ngumu kuliko zote, kwa sababu mkono hujiendea wenyewe kwenye kitufe. Wiki ya tano ni ile Jumamosi.

Wote wanane wanaitwa saa 4 asubuhi. Mtu mmoja anasoma mahubiri ya zamani kwenye mimbari, kamera inarusha kama Jumapili, mwangalizi yuko chini ya mwembe na simu yake. Kiongozi ana saa mkononi na hasemi atafanya nini.

Anaanza kwa sauti. Anapita kwenye miksa na kushusha kimyakimya kitufe cha AUX. Ukumbini hakuna anayesikia tofauti. Nusu dakika baadaye ujumbe wa mwangalizi unaingia: sauti hakuna. Mtu wa kompyuta anatazama kipimo kimoja tu, kile cha sauti kwenye OBS, kwa maana ndicho kinachogawa tatizo mara mbili. Kipimo kikicheza, sauti imeshafika kwenye laptopu na hitilafu iko mbele yake. Kikiwa kimelala, kama kilivyolala sasa, hitilafu iko nyuma, kwenye waya au miksa. Mtu wa sauti anachomeka hedifoni kwenye miksa, anaona AUX iko chini, anaipandisha. Mara ya kwanza timu hutumia dakika nne au tano, kwa sababu wote wanne hukimbilia laptopu. Mara ya tatu hutumia chini ya dakika moja, na jioni hiyo mtu anabandika selotepu nyekundu juu ya kitufe kile ili mwanakwaya apitaye asikiguse.

Kisha anachomoa faiba. Hapa mtihani ni kutofanya jambo. Chini ya dirisha la OBS alama ya kijani inabadilika rangi, hesabu ya Dropped Frames inapanda, na mwanafunzi mwenye hofu atabonyeza kusimamisha. Asibonyeze. OBS hujaribu kuunganisha tena yenyewe, na kama kwenye YouTube ule mpangilio wa Enable Auto-stop ulizimwa tangu mwanzo, kiungo walichonacho watazamaji hakifi. Hesabu dakika moja. Faiba isiporudi, laptopu inaunganishwa kwenye hotspoti ya simu ya kanisa, yenye laini ya kampuni nyingine na lile bando la gigabaiti 2.4 na akiba. Ikiwa laini hiyo nayo ni dhaifu, ndipo kurusha kunasimamishwa, unachaguliwa mpangilio wa pili uliohifadhiwa kwa jina la DHARURA, wenye picha ndogo ya 640x360 na kilobiti 800, na kurusha kunaanza upya. Picha itakuwa hafifu. Mahubiri yatasikika.

Zoezi la tatu ni kuzima swichi kuu. Watu hudhani laptopu ina betri na hivyo wako salama; wanasahau kwamba ruta haina betri, miksa haina, na kipokezi cha maiki isiyo na waya ya mchungaji hakina. Vitu hivyo vitatu pamoja na adapta ya kamera huwekwa kwenye UPS, na amplifaya za spika kubwa hazichomekwi hapo kamwe. UPS ndogo huwa na betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwa karatasi. Kwa mzigo wa wati 50, na kwa jinsi betri za risasi zinavyopoteza nguvu zikitumiwa haraka, itegemee dakika 40 hivi ikiwa mpya. Hiyo inatosha sana kuvuka muda wa kuwasha jenereta. Katika zoezi hili timu hugundua jambo la kushangaza: spika za ukumbini zimenyamaza, msomaji anapaza sauti kwa waliomo ndani, lakini aliye chini ya mwembe anamsikia vizuri kama mwanzo. Ikiwa hamsikii, kuna kifaa kilichosahaulika nje ya UPS, na kinatafutwa siku hiyohiyo.

La mwisho ni laptopu kuganda. Haina tiba ya haraka, kuwashwa upya kunachukua dakika kadhaa, kwa hiyo simu inashika zamu. Simu ya kanisa hupandishwa kwenye stendi ndogo mbele ya spika na kurusha moja kwa moja. YouTube huruhusu kurusha kutoka kwenye programu yake ya simu kwa chaneli yenye wafuatiliaji wasiopungua 50, na kuruhusiwa kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24, ndiyo sababu jambo hili hushughulikiwa wiki ya kwanza, halisubiri kuganda kwa laptopu. Kiungo kitakuwa kipya. Mwangalizi ndiye anayekisambaza kwenye kundi la usharika. Na kwa kuwa rekodi ya ndani ilikuwa ya mkv, ambayo haiharibiki yote programu inapokatika ghafla, sehemu ya ibada iliyorekodiwa kabla ya kuganda bado ipo na itapandishwa mchana.

Jumapili ya wiki ya sita wanafunzi wanakaa kwenye viti vyote vinne. Wazoefu wako kwenye mabenchi pamoja na familia zao, simu mfukoni, na wameombwa wasigeuke nyuma.

Ibada ikiisha, kitufe cha kusimamisha kurusha hubonyezwa kabla mchungaji hajafika kwenye chumba cha kuvulia kanzu, maana maiki yake mara nyingi bado inafanya kazi na mazungumzo ya sakristia si ya watu wote. Rekodi inafunguliwa na kusikilizwa dakika moja katikati. Betri zinawekwa kwenye chaji. Kisha mtu wa kompyuta anaandika kwenye daftari mistari michache: saa 3:17, faiba ilikatika sekunde 40, ilirudi yenyewe, saa 4:05, maiki ya mimbari ilikwaruza, waya umebadilishwa, mwingine ununuliwe. Zamu ijayo huanza kwa kusoma ukurasa huo. Daftari linarudi kwenye kabati la ofisi ya usharika, pamoja na simu inayopokea namba za uthibitisho, na ufunguo wa kabati unaning'inia ofisini, hauendi nyumbani kwa mtu.